Mbona ukuta mmoja tu ndio unaliwa na mvua?

"Nyumba yetu iko Kayenze, kando ya ziwa huku Mwanza, tofali mbichi, juu bati. Ukuta wa nyuma umeliwa mpaka tofali zimeingia ndani, wa mbele ni mzima kabisa. Paa ni moja na mvua ni moja. Sasa upenu unatakiwa utoke sentimita ngapi?"

Kwa nyumba ya udongo, chini ya sentimita 60 usikubali, na upande unaopigwa na upepo ni heri ufike 90. Ila namba hizo hazijui nyumba yako imekaaje. Anayejua ni ule ukuta wa nyuma, na unaweza kuuuliza wenyewe.

Subiri mvua ya radi inayokuja na upepo. Ikiacha tu, kabla ukuta haujakauka, toka na tepu na kamba. Juu chini ya bati utakuta pakavu, halafu panaanza kulowa, na mahali hapo pana mstari unaoonekana vizuri. Vuta kamba kutoka ukingo wa bati hadi ukutani, iwe sawa kama maji kwenye beseni. Urefu wa hiyo kamba ndio upenu wako halisi. Kisha pima kutoka kamba ilipogusa ukuta kushuka hadi mstari wa unyevu. Vipimo viwili hivyo vinakupa mshazari wa mvua ya kwenu.

Tuseme umekuta upenu ni sentimita 30 na mstari uko sentimita 50 chini ya kamba. Maana yake kila upenu ukitoka 30, ukuta unakingwa 50. Tone kubwa la mvua ya radi hushuka kwa kasi ya mita 8 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mshazari huo unahitaji upepo wa kama mita 5 kwa sekunde. Huo si upepo wa kutisha, ni wa kupeperusha nguo kwenye kamba. Upepo ukikazana hadi kufikia kasi ya tone lenyewe, mvua inapiga kwa nyuzi 45, na hapo kila sentimita ya upenu inakinga sentimita moja tu ya ukuta. Upande wa pili wa nyumba mvua hiyohiyo inasukumwa mbali na ukuta. Ndiyo maana wa mbele ni mzima.

Wengi wa mwambao hudhani ukuta unaotazama ziwa ndio lazima uumie. Si lazima. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka, na mvua ya radi huja na upepo wake yenyewe. Pima, usikisie.

Turudi kwenye hesabu. Chukua ukuta wenye mita 2.4 kutoka ardhini hadi juu, na paa ambalo likitoka sentimita 30 linashuka 11. Kwa upenu wa sasa ukingo wa bati uko mita 2.29 kutoka chini, na unyevu unaanzia mita 1.79. Sehemu kubwa ya ukuta inaoga kila mvua. Ukitoa upenu hadi 90, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: ukingo unashuka hadi mita 2.07, na kivuli cha mvua kinakuwa sentimita 150 chini yake. Unyevu sasa unaanzia sentimita 57 tu kutoka ardhini. Mtu mrefu bado anapita bila kuinama, ila angalia mlango au dirisha linalofunguka kwa nje lisigonge bati.

Kwa nini tusiendelee hadi mita moja na nusu tumalize kazi? Kwa sababu upepo unaokuja chini ya upenu unausukuma juu, na kadiri upenu ulivyo mpana ndivyo upepo unavyougeuza bawa. Ukitaka kuvuka 90, weka nguzo na uite baraza. Na hata hiyo 90 haitoki kwa kusogeza bati peke yake. Bati lisizidi papi ya mwisho, ile mbao linapopigiliwa misumari, kwa zaidi ya kiganja, la sivyo linajikunja na kupiga kelele usiku kucha. Kinachotakiwa kutoka ni mbao ya kenchi. Kama paa limeshaezekwa, funga mbao ya 2 kwa 4 ubavuni mwa kila kenchi kwa bolti, na kipande cha ndani kiwe kirefu kuliko cha nje: nje 90, ndani angalau 135. Kisha kila kenchi ifungwe chini kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya ukuta. Nyumba nyingi za tofali mbichi hazina lenta, basi toboa ukuta safu tano au sita chini ya kenchi, pitisha waya mnene, uzungushie kwenye kenchi. Hapo uzito wa ukuta ndio unaoshikilia paa. Waya ukizungushiwa kwenye tofali la juu kabisa, upepo utaondoka na tofali na paa vyote.

Kuna ukuta mmoja ambao mafundi huusahau karibu kila mara, ule wa pembeni wenye pembetatu juu. Paa la migongo miwili huishia pale pale, na ukuta huo ndio mrefu kuliko wote. Misonge ya Kisukuma, kama ile unayoweza kuiona makumbusho ya Bujora pale Kisesa, haina ukuta wa namna hiyo: ni duara, na nyasi zinateremka pande zote. Kwa nyumba ya bati, paa la migongo minne linafanya kazi hiyohiyo.

Zile sentimita 57 zilizobaki chini zinapigwa mara mbili, na mvua yenyewe na matope yanayoruka kutoka mchirizi wa paa. Kwa Mwanza hili ni jepesi, mawe tumekaa juu yake. Jenga mkanda wa mawe kuegemea ukuta, kimo cha sentimita 60, ukiwa na msingi wake mdogo. Mgongo wa mkanda uinamishe nje. Ukiuacha bapa, maji yatatuama pale na kula safu ya tofali iliyo juu yake, nawe utadhani upenu haujasaidia. Na pale maji ya bati yanapodondokea usisakafie saruji; juu ya kitu kigumu tone linaruka juu zaidi. Mwaga kokoto.

Kama nyumba yako ni ya tofali za udongo zilizoshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji, usijione umevuka mto bado. Chukua tofali moja zima, lizamishe kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi paruza kona kwa kucha. Likiwa gumu na maji ya ndoo ni safi, sentimita 60 zinakutosha hata upande wa upepo. Kona ikilainika na chini ya ndoo kukabaki tope, hilo lihesabu kama tofali mbichi, upenu wake ni uleule.