Mbu wa dengue hatoki mtaroni: Jumamosi njooni na brashi, sepeto acheni nyumbani

Jumamosi hii twasafisha mtaa, hapa hapa Majengo. Twakutana nje ya ukumbi wa Tononoka saa 1:00 asubuhi na saa 4:00 tushamaliza kabla jua halijawa kali. Nataka watu na nataka wengi, lakini kabla hujaamua uje na nini soma hii mpaka mwisho, kwa sababu kila nikipita majumbani na hii habari jibu ni lile lile, "mtaro wetu tushauzibua, hapa hakuna mbu," na mwenye kuniambia hivyo amesimama kando ya pipa lililojaa viluwiluwi. Mimi kazi yangu ni afya ya umma, kukagua mazalio ya mbu, na hili jibu nimelisikia mpaka basi.

"Mbu wa dengue watoka kwenye mtaro mchafu"

Hawatoki huko. Hii ndo inaniumiza kichwa kuliko zote maana ndo inafanya watu wajitolee asubuhi nzima, wachimbue mtaro mpaka waote malengelenge, halafu wiki mbili baadaye mtaa mzima walala na homa na viungo vyauma, na wanarudi kwangu waniulize kwani tulisafisha nini.

Mbu wa mtaroni na wa shimo la choo yupo kweli, ni yule wa kahawia anayekunyima usingizi usiku, na huku Pwani huyo ndo aleta matende, kwa hiyo sisemi mtaro uachwe. Ila wa dengue na chikungunya ni mwengine. Ni mweusi, ana madoa meupe miguuni, auma mchana, hasa asubuhi na alasiri, na maji yake ni maji safi yaliyotulia ndani ya chombo, kivulini, karibu na watu. Pipa, mtungi uliokatwa, tairi, kifuu, kisahani cha chini ya maua. Tena si mbu wa safari ndefu, wengi wao wanamaliza maisha yao yote ndani ya mita mia hivi, mia mbili, kutoka pale walipozaliwa. Aliyekuuma mguuni saa 2 asubuhi ukinywa chai uani huenda amezaliwa kwako au kwa jirani yako wa ukuta kwa ukuta.

Sasa Mombasa yetu hii maji ya mfereji yaja kwa zamu, na siku hayaji twanunua ya mkokoteni, kwa hiyo kila nyumba ina akiba. Hakuna wa kumlaumu hapo. Lakini hiyo akiba ndo nyumba ya mbu, na dengue ya 2013 na 2014, chikungunya ya mwisho wa 2017 ikaingia 2018, na dengue tena 2021, zote zimetukuta na mapipa yetu uani.

Niwape mfano mmoja muone vile inavyokwenda. Nyumba moja ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi kati na uani kwa nyuma, watu watatu wameshikwa na homa ndani ya wiki moja, kichwa, macho yauma kwa ndani, mmoja ametoka vipele. Mama mwenye nyumba akanichukua moja kwa moja mpaka mtaroni anioneshe, na kweli mtaro umefagiwa, hauna kitu. Nikamwambia mama, nipeleke uani. Kuna mapipa mawili ya lita 200. La kwanza ni la kufulia na kuoshea vyombo, latumika likaisha na kujazwa upya, halina kitu. La pili ni la akiba, liko kando ya choo, juu limewekwa kipande cha bati na jiwe. Hilo haliishi kamwe, maji yakija lajazwa juu kwa juu tu.

Nikaondoa bati nikamulika kwa tochi ya simu, maji meupe kabisa, na mama akaniambia si waona, masafi. Nikamwambia ngoja. Viluwiluwi wakistuka na kivuli chako wazama chini, ukisimama kimya dakika moja mbili wanapanda wenyewe kuja kuvuta pumzi, wananing'inia kichwa chini mkia juu. Wakapanda. Walikuwa wengi mno mama akarudi nyuma.

Lakini viluwiluwi si ndo shida kubwa, shida ni mayai. Mbu huyu hatagi juu ya maji, ataga kwenye ukuta wa pipa, sentimita chache juu ya maji yalipofikia, na mayai yanaganda pale kama vumbi jeusi la masizi, ukipitisha kidole wayasikia yakwaruza kidogo. Yakikauka hayafi. Yanaweza kukaa makavu miezi, mpaka miezi minane, na siku maji yakipanda yakayafunika ndo yanaanguliwa. Kwa hiyo mtu anayejaza pipa juu kwa juu kila siku ya maji huwa anayafunika mayai kwa mkono wake mwenyewe, na kutoka hapo mpaka mbu aruke ni siku 7 mpaka 10 kwa joto letu hili. Ndo maana pia kumwaga maji na kusuuza kwa kopo haitoshi, wasuuza, wajaza, wiki ijayo wako pale pale.

Tulichofanya pale ndo hicho hicho nataka tufanye Jumamosi kila nyumba. Maji tuliyachuja kwa kitambaa tukayatia kwenye ndoo, yakabaki ya choo na ya kupigia deki, maana siwezi kumwambia mtu amwage maji aliyoyanunua. Kile kitambaa tukakikung'uta juani kwenye mchanga mkavu, viluwiluwi wakafia pale, mtaroni hatukumwaga. Halafu brashi ngumu na sabuni ya unga, kusugua kuanzia mdomoni kushuka mpaka chini, ukikaza zaidi pale penye mstari wa maji, na maji ya sabuni pia yakaenda kwenye mchanga mkavu. Mwisho likafungwa kwa kipande cha chandarua cha zamani na mpira wa tyubu ya baiskeli, ukiminya hakuna nafasi ya mbu kupita. Lile bati na jiwe lilikuwa na mwanya upande mmoja, na mwanya wa kidole kwa mbu ni mlango.

Baada ya hapo ni mara moja kwa wiki, kila wiki. Siku nzuri ni ile ambayo maji yatarajiwa kuja, pipa likiwa chini kabisa, hapo hupotezi kitu.

"Kaunti ije ipulize dawa, yatosha"

Moshi ule waua mbu anayeruka wakati ule na palipofikiwa na dawa. Aliyejificha nyuma ya kabati au chini ya kitanda yuko salama, na yai ukutani mwa pipa halijui kama kumepita mtu. Wiki moja na mbu wapya wako nje. Kukiwa na mlipuko kupuliza kuna kazi yake ya kupunguza mbu walioshaambukizwa, lakini haiondoi zalio.

"Mimi natia dawa ya kutibu maji, hakuna mdudu atakayeishi humo"

Kipimo kile ni cha kuua vijidudu vya kuharisha ili unywe salama, viluwiluwi wanaogelea humo humo. Endelea kutibu maji ya kunywa, na pipa usugue.

"Twalala ndani ya neti, dengue haituhusu"

Huyu auma mchana. Neti ni ya malaria na usilale bila neti, ila dengue haiizuii isipokuwa kwa mtoto mchanga na mgonjwa wanaolala mchana, hao wafunikeni. Na hapa naongeza moja nje ya mada kwa sababu naiona sana: homa imeingia ghafla, viungo vyauma, umepimwa malaria hakuna, usiende dukani kununua Brufen wala dawa ya aspirini. Kama ni dengue hizo zaongeza hatari ya kuvuja damu. Panadol, maji mengi, na uende hospitali. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo, fizi au pua zikitoa damu, usingoje asubuhi.

"Matairi tuyachome tu"

Moshi wa tairi ni sumu kwa watoto wenu, tusichome. Tairi hata ulilaze vipi, ulisimamishe vipi, tumbo lake labaki na maji, na mnayaweka juu ya mabati kuzuia upepo ambako hakuna anayeyaona. Tutayashusha. La kubaki tutalitoboa kwa drili matundu kadhaa yakiwa pande zote ili popote lilalapo maji yatoke, la kutupwa laingia mkokotenini. Vifuu vya nazi na maganda ya madafu ni hivyo hivyo, mvua moja tu kila ganda limekuwa kisima. Yapasuliwe mara mbili kwa panga, yaingie guniani.

Sasa mambo ya Jumamosi. Machi imeingia na masika iko mlangoni, mayai makavu yote yaliyoganda kwenye hivi vitu yangojea mvua ya kwanza, ndo maana ni wiki hii na si mwezi ujao. Tutagawana watu watano watano, kila kundi na uchochoro wake. Kila kundi lazima liwe na mwanamke angalau mmoja na mtu mmoja wa uchochoro ule ule anayejulikana, kwa sababu twaingia uani kwa watu, na hodi ya mgeni saa 1 asubuhi haifunguliwi. Kina mama na mashangazi nawaomba sana, mkikosa nyinyi kazi itaishia barazani. Mwenye nyumba akikataa tusiingie, twamwachia maelezo twaenda nyumba ya pili.

Njoo na brashi ngumu ya kufulia au ya sakafu, glavu ukiwa nazo, viatu vya kufunika vidole, na simu yenye chaji kwa ajili ya tochi. Mwenye panga aje nalo, mwenye drili ya betri nitamshukuru sana kwa sababu mpaka sasa tunayo moja. Twahitaji magunia matupu, chandarua chakavu za kukata, na tyubu za baiskeli, fundi yeyote wa baiskeli atakupa za kutupwa. Sabuni ya unga na mkokoteni tunayo. Sepeto hazihitajiki siku hii, mtaro tutauwekea siku yake.

Na kama maji yatakuja Ijumaa usiku, nawaomba msijaze pipa la akiba mpaka tupite tulisugue, jazeni ndoo na mitungi kwanza. Mvua ikinyesha asubuhi twasogeza mpaka saa 2:00, pale pale Tononoka, chini ya baraza ya ukumbi.