Anaitwa mbishi, kumbe ana ute nyuma ya ngoma ya sikio

Watoto wengi wa miaka miwili hadi sita wanaofika kliniki kwangu huletwa kwa mafua yasiyoisha au kukoroma usiku. Masikio hayatajwi, mpaka niulize televisheni nyumbani inafunguliwa kwa sauti gani. Hapo ndipo wazazi hutazamana.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo kinachopaswa kujaa hewa. Hewa hiyo huingia kupitia mrija unaoanzia nyuma ya pua. Kwa mtoto mdogo mrija ni mfupi, mwembamba na umelala, kwa hiyo mafua ya mara kwa mara au nyama za puani zilizovimba huuziba kirahisi. Moshi wa sigara nyumbani huongeza hatari. Mrija ukiziba, hewa iliyomo hunyonywa taratibu na majimaji hukusanyika badala yake, yakizidi kuwa mazito hadi yavutike kama gundi. Mtoto hana homa, sikio halitoi usaha, na mara nyingi halimuumi. Ndiyo maana halalamiki.

Kwa kawaida sauti hafifu kabisa anayoweza kuisikia huwa ya desibeli 20 hadi 40; namba ikiwa kubwa, usikivu umeshuka zaidi. Mtoto huyu si kiziwi: mlango ukigongwa anasikia, ukimwita kwa nguvu anageuka. Kinachompotea ni sauti hafifu kama s, f, sh na th, na maneno yanayosemwa kutoka mbali. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwanzo wa neno mara nyingi hupita harakaharaka. Mtoto anasikia "-taki" lakini hajui kama ni sitaki, hataki au hutaki. Darasani, mwalimu akiwa ameelekea ubaoni na watoto wengine wakipiga kelele, anachopata ni vipande tu.

Nichukue binti mmoja wa miaka mitano, aliyekuwa chekechea. Shuleni walisema hasikilizi. Mama yake aliniambia, "Daktari, huyu akitaka anasikia. Jana nilimnong'onezea habari ya biskuti akaja mbio." Nilimwamini, maana ute huu hupungua na kuongezeka, na usikivu hubadilika wiki hadi wiki. Hapo ndipo watoto wengi huonekana wakaidi. Binti huyu alisema "tamaki" kwa samaki na "tukari" kwa sukari. Ngoma zake zilikuwa zimepoteza mng'ao, zina rangi ya manjano iliyofifia na zimevutwa ndani. Timpanometri, kipimo kinachobadilisha shinikizo la hewa sikioni kuona kama ngoma inacheza, ilitoa mstari bapa pande zote mbili. Usikivu ulikuwa desibeli 35.

Alikuwa ameshapewa antibiotiki zaidi ya mara moja, dawa za mafua na matone ya masikio. Matone hayapiti ngoma isiyo na tundu, na hizo dawa nyingine hazisaidii kuondoa ute huu. Nilizisimamisha zote, tukasubiri miezi mitatu. Wazazi wengi husikia kama nimewafukuza mikono mitupu, lakini watoto wengi hupona wenyewe katika muda huo. Ila kusubiri kuna kazi yake: akae mbele darasani, mzungumzaji amkaribie na amtazame usoni kabla ya kuanza, redio izimwe mnapoongea. Mtoto anayeweza kufuata maelekezo anaweza pia kupuliza puto maalumu kwa pua, mara tatu kwa siku, ili kufungua mrija.

Baada ya miezi mitatu mstari ulikuwa bado bapa. Tulimfanyia upasuaji mdogo akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi: tundu dogo kwenye kila ngoma, ute ukanyonywa, kijibomba cha plastiki kikawekwa ili hewa ipite. Nyama za puani zilikuwa kubwa, tukaziondoa hapohapo. Kwa mtoto asiyefaa kufanyiwa upasuaji, vifaa vya kusaidia kusikia ni njia nzuri, na ninatamani vitumike zaidi, hasa kwa wenye Daun sindromu, ambao tatizo hili huwakaa muda mrefu.

Kusikia kulirudi upesi. Alianza kulalamika kwamba blenda inapiga kelele. Matamshi yalichukua miezi, na ilibidi afanye mazoezi na mtaalamu wa matamshi, kwa sababu kijibomba hakimfundishi mtoto sauti alizokosa.

Vijibomba kwa kawaida hudondoka vyenyewe ndani ya miezi sita hadi kumi na minane. Sikio likitoa usaha wakati huo, mleteni. Mara nyingi matone ya antibiotiki hutosha, na hapo yanafanya kazi kwa kuwa yana njia ya kupita. Watoto wachache hubaki na tundu dogo, na wengine ute hurudi. Kwa hiyo hata kijibomba kikishadondoka na mtoto akawa anaongea vizuri, napima tena usikivu.