Funza Wanavyohesabu Siku za Kifo Kwenye Baridi ya Mbeya

Je, ni kweli mtaalamu anaweza kutazama funza kwenye maiti akajua mtu alikufa lini? Na huku kwetu Mbeya kwenye baridi, hesabu hiyo inakubali?

Inakubali, ila kinachopatikana ni siku ambayo nzi alitaga mayai. Kifo kilitokea wakati huo au kabla yake. Nzi wa kijani huweza kufika kwenye maiti iliyo wazi ndani ya dakika chache, mchana na jua likiwaka. Usiku, kwenye mvua au baridi kali, kwa kawaida hatagi. Mwili ukiviringishwa blanketi au kufungiwa chumbani, anachelewa zaidi.

Funza hana joto lake mwenyewe la kutegemea, kwa hiyo kasi ya kukua kwake inafuata joto la mahali alipo. Chini ya kiwango fulani, ambacho kwa nzi wengi wa aina hii ni karibu na nyuzi 10, ukuaji unakaribia kusimama. Wataalamu huhesabu nyuzi zilizo juu ya kiwango hicho tu, kisha wanazizidisha kwa muda. Saa moja kwenye nyuzi 22 inampa funza alama 12.

Tuchukue mfano wa mwili uliokutwa pembeni mwa shamba la viazi Uyole, tarehe 20 Julai saa 4 asubuhi. Funza wakubwa kuliko wote ndiyo kwanza wamejivua ngozi kuingia hatua ya tatu. Hatua hiyo inaonekana kwa hadubini: kila tundu la kupumulia nyuma ya mwili lina mipasuko mitatu, wakati hatua ya pili ina miwili. Tuseme jedwali la maabara la aina hiyo ya nzi linasema kufika hapo huchukua saa 78 kwenye nyuzi 22. Saa 78 mara 12 ni alama 936.

Sasa joto la Uyole. Kwa wepesi wa hesabu, tuchukulie nyuzi 20 kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, na nyuzi 6 saa 12 zinazobaki. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Anayechukua wastani wa siku anapata nyuzi 13, yaani alama 3 kila saa, 72 kwa siku. 936 gawa kwa 72 ni siku 13, kwa hiyo atasema mayai yalitagwa tarehe 7 Julai. Lakini usiku wa nyuzi 6 haumrudishi funza nyuma, unamsimamisha tu. Alama zake ni sifuri, si hasi 4. Mchana unampa alama 10 kila saa kwa saa 12, yaani 120 kwa siku.

Rudi nyuma saa kwa saa: asubuhi ya tarehe 20 ina saa 2 za joto, alama 20. Tarehe 19 hadi 13 ni siku saba, alama 840. Zinabaki 76, ambazo ni saa 7 na nusu hivi kabla ya saa 2 usiku wa tarehe 12. Mayai yalitagwa tarehe 12, muda mfupi baada ya saa 6 mchana. Mtuhumiwa aliyeingia Mbeya tarehe 10 angeachiwa kwa hesabu ya wastani, na kimakosa. Kule Usangu, kwenye nyuzi 22 usiku na mchana, funza hao hao wangekuwa na siku tatu na robo tu.

Joto lenyewe linapimwa wapi? Kituo cha hali ya hewa kinaweza kuwa mbali na bondeni kukawa na baridi zaidi, kwa hiyo kipimajoto kinachojirekodi huachwa eneo la tukio, kivulini, kwa siku 5 hadi 10. Rekodi zake hulinganishwa na za kituo kwa siku hizo hizo, na tofauti inayoonekana hutumika kusahihisha siku zilizopita.

Pia funza wenyewe wanaharibika mikononi mwa mkusanyaji. Ukiwatumbukiza wazima kwenye spiriti wanasinyaa na kuwa weusi, na kwa urefu wataonekana wadogo kuliko umri wao. Wamwagie kwanza maji ya moto yanayokaribia kuchemka, wakae kama nusu dakika, ndipo waende kwenye spiriti ya asilimia 80. Sehemu nyingine ibaki hai, ilishwe maini hadi nzi watoke, maana funza wa aina mbalimbali wanafanana mno na jedwali la aina moja halifai kwa nyingine.

Wakifika hatua ya tatu na kujazana, rundo lao hutoa joto lake, na katikati huweza kuzidi hewa ya nje kwa nyuzi 10 na zaidi. Hapo kuanzia, rekodi ya hewa peke yake huwafanya waonekane wazee kuliko walivyo, kwa hiyo kipimajoto huchomekwa katikati ya rundo kabla mwili haujainuliwa.