Mlima uliogeuka kichuguu: maana ya urefu wa fokasi, kina cha ukali na pembe ya kupigia

Mama mmoja anayekusanya ndizi Tukuyu na kuzishusha Mbeya mjini aliniomba nimtengenezee bango la biashara yake. Alitaka mama asimame na mkungu wa ndizi, na Mlima Rungwe uonekane nyuma. Ilikuwa Machi, mvua haikatiki, na mlima ulikuwa umejifunika wingu siku nenda rudi. Tukakubaliana nitengeneze picha kwa programu ya akili mnemba, zile unazoziandikia maelezo nazo zinakuchorea. Nilipompelekea, akaitazama kimya, kisha akasema: "Mwanangu, huu ni Rungwe au kichuguu? Sisi tumezaliwa chini yake, tunaujua."

Alikuwa na haki. Kwenye maelezo yangu nilikuwa nimeandika `24mm` na `f/1.4` kwa sababu nilizoea kuyaona maneno hayo kwenye picha nzuri, nikayabandika bila kuuliza yanafanya nini. Picha ilipendeza, lakini mtu wa Tukuyu hakuiamini. Makosa yalikuwa kwenye maneno matatu ya kamera, na nayaeleza kwa kutumia picha hiyohiyo.

Urefu wa fokasi ni umbali kutoka kitovu cha lenzi hadi kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, pale lenzi inapolenga kitu cha mbali sana. Hupimwa kwa milimita. Namba ikiwa ndogo, kamera inaona eneo pana. Ikiwa kubwa, inaona eneo jembamba. Kwa kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, ambayo ndiyo kipimo kinachotumika watu wanapozitaja namba hizi, lenzi ya milimita 24 inaona nyuzi kama 74 kwa upande mrefu wa picha, ya 50 nyuzi 40, na ya 85 nyuzi 24. Upana huo ndio pembe ya mwono. Kamera kuu ya simu nyingi inakaribia ile ya milimita 24.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba lenzi ndefu "inauvuta" mlima. Hapana. Kinachobadilisha ukubwa wa mlima ukiulinganisha na mtu ni umbali uliosimama kutoka kwa huyo mtu. Lenzi inaamua tu unakata kipande gani cha kile ambacho tayari kinaonekana kutoka pale uliposimama. Ukitaka kuhakikisha, simama sehemu moja, piga picha ya kawaida, kisha piga nyingine kwa kuvuta zumu. Kata ile ya kwanza mpaka ilingane na ya pili, utaona mlima na mtu vina uwiano uleule. Sasa rudi nyuma hatua kumi, uvute zumu mpaka mtu arudi ukubwa wake wa mwanzo. Hapo ndipo mlima unapokua.

Hesabu yake ni nyepesi. Rungwe una kimo cha mita 2,960, na ukiwa Tukuyu kilele kipo mita kama 1,400 juu ya macho yako, umbali wa kilomita kama 12. Gawanya 1,400 kwa 12,000, unapata karibu 0.117. Zidisha kwa umbali kati ya kamera na mama, nawe unapata mlima utaonekana una urefu gani pembeni yake, kama vile umekatwa kwenye karatasi na kusimamishwa palepale alipo, kuanzia usawa wa macho ya kamera kwenda juu.

Tuseme mama ana mita 1.6, nami nataka kimo chake kwenye sensa kiwe milimita 16. Kwa lenzi ya 24 nitasimama mita 2.4 kutoka kwake. Mlima hapo unakuwa sentimita 28 tu juu ya macho yake, yaani kilele kinachungulia juu ya kitambaa chake cha kichwani. Hicho ndicho kichuguu. Kwa lenzi ya 85, ili mama abaki ukubwa uleule, itanibidi nisimame mita 8.5. Mlima sasa unakuwa sentimita 99, karibu mita nzima juu ya macho yake. Mama hajabadilika hata kidogo, ila mlima umekua zaidi ya mara tatu. Angalia tena hesabu hiyo: milimita za lenzi hazimo. Kilichomo ni umbali.

Hili lina maana kubwa unapoiandikia programu. Programu kama Blender ina sehemu ya `Focal Length` na `F-Stop`, na inapiga hesabu ya mwanga kweli kweli, hivyo ukiweka 85 utapata 85. Programu inayochora kwa maelezo haipigi hesabu hiyo. Imejifunza kwa picha nyingi zilizokuja na maneno, na kwake `85mm` ni neno lililokuwa likiambatana na picha za sura za watu zenye nyuma iliyofifia. Ukiandika namba peke yake unaitisha mtindo huo, na umbali unabaki bahati nasibu. Ndiyo maana siku hizi naandika umbali na matokeo ninayoyataka: mama yuko mita nane kutoka kwenye kamera, mlima unapanda mita moja juu ya macho yake. Namba ya lenzi naiweka pia, ila iwe inakubaliana na maneno hayo.

Neno la pili ni kina cha ukali. Lenzi inalenga umbali mmoja tu kwa ukamilifu, lakini mbele na nyuma ya umbali huo kuna ukanda ambao jicho bado linauona ni mkali. Upana wa ukanda huo ndio kina cha ukali. Unategemea tundu la lenzi, na tundu huandikwa kwa alama kama `f/2`, maana yake urefu wa fokasi ugawanywe kwa 2. Kwa hiyo kwenye lenzi ya 85, `f/2` ni tundu la milimita 42 na nusu, na `f/8` ni la milimita 10 na nusu hivi. Namba ikikua, tundu linapungua na ukanda wa ukali unapanuka.

Mlima wa mbali una kanuni ambayo naipenda kwa sababu haihitaji jedwali. Kila nukta ya mlimani inatawanyika kuwa duara, na ukilipima duara hilo pale aliposimama mama, upana wake ni sawa na tundu la lenzi. Kwa lenzi ya 85 na `f/2`, kila nukta ya Rungwe inakuwa duara la sentimita nne hivi, kwenye mlima wenye mita moja pichani. Umbo bado litajulikana, ila mikunjo ya mabonde na mpaka wa msitu vitayeyuka. Kwa `f/8` duara ni sentimita moja, na mabonde yanarudi. Mama wa ndizi anautambua Rungwe kwa migongo yake, si kwa kuambiwa, kwa hiyo `f/8` ndiyo iliyomfaa. `f/1.4` niliyoiandika mwanzo iliipa programu ruhusa ya kuupaka mlima kama siagi.

Na hapa ndipo unapoweza kuitambua picha ya uongo, hata ile inayofifishwa na simu yenyewe. Usiangalie uso, angalia chini. Kwa `f/2` na umbali wa mita 8.5, ukanda mkali unaanzia mita 7.9 na kuishia mita 9.2 hivi. Udongo wa kwenye miguu ya mama lazima uwe mkali, wa mbele yake uanze kufifia, na wa nyuma ufifie polepole kadiri unavyokwenda mbali. Mkungu uliowekwa ubavuni mwake lazima uwe mkali kama yeye. Kwenye jaribio langu moja mama alikuwa mkali hadi kwenye nyuzi za kanga, lakini mkungu aliouegemea ulikuwa umefifia kama uko mtaa wa pili, na udongo ulikatika ghafla nyuma ya visigino kama umechorwa kwa rula. Mteja hatakutajia kina cha ukali, atasema tu picha "imebandikwa", na atakuwa amesema kweli.

Neno la tatu, pembe ya kupigia, watu hulichanganya na pembe ya mwono. Hili linahusu kimo cha kamera na inakoelekea. Kamera ikiwa kwenye usawa wa macho, yaani `eye level`, mstari wa usawa unapita kwenye macho ya kila mtu mwenye kimo hicho aliyesimama tambarare, awe karibu au mbali. Ukiandika `low angle` na kamera ikashuka hadi magotini, sentimita 50 kutoka ardhini, mstari huo unashuka nayo. Rungwe ule wa sentimita 99 sasa unaanzia magotini mwa mama na kuishia kama kwenye macho yake. Anayetaka mama aonekane mkubwa kuliko mlima aandike hivyo. Anayetaka mlima umsimamie mama, abaki usawa wa macho. Programu hukosea hapa kwa namna moja ninayoikuta mara nyingi: inamchora mtu kwa chini, kidevu kinaonekana upande wa uvunguni, huku shamba la nyuma yake limechorwa kama linatazamwa kutoka juu ya mti. Kamera moja haiwezi kuwa sehemu mbili.

Kwa maneno ya kamera, maelezo yangu ya mwisho yalikuwa hivi:

```
full body, 8 m from camera, eye level,
85mm, f/8, mountain rising 1 m above her eyes, light haze
```

Hayo maneno ya mwisho, ya ukungu mwepesi, niliyaongeza kwa sababu hewa ya kilomita 12 hairuhusu kijani kibichi. Mlima wa mbali huwa na rangi ya bluu iliyopauka, na programu ilikuwa inanichorea kama bustani.

Hata hivyo kitu kimoja hakikupatikana kwa maneno yoyote, nacho ni umbo la Rungwe lenyewe. Programu ilinipa mlima mkali wenye ncha, kama wa kwenye kalenda. Nikachukua picha yangu ya Juni, niliyoipiga asubuhi nikiwa Tukuyu kwa simu, nikaukata mlima na kuuweka nyuma ya mama. Nilijua tayari uwe mkubwa kiasi gani: nilipima kimo cha mama kwenye skrini, nikakichukulia kuwa mita 1.6, kisha nikaukuza mlima mpaka ukafika sentimita 99 kwa kipimo hichohicho, ukianzia kwenye macho yake. Nikaufifisha kwa duara la sentimita moja. Na pembeni ya bango tukaandika kwamba picha imetengenezwa kwa kompyuta.

Mama alipoiona alinyoosha kidole upande wa kushoto wa kilele, akafuata mgongo wa mlima unavyoshuka. "Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa. "Kwetu ni hapa chini."