Mwezi unabalansi, ila wiki ya 3 hela hamna

Watu wengi wanaoleta makadirio yao ya mtiririko wa fedha kwenye dawati letu la ushauri wanakimbilia jumla ya mwezi, wakiona zilizoingia na zilizotoka ziko sawa basi wanafunga daftari. Hapo ndo wanapoumia. Mshahara haungoji mwezi uishe.

Chukua biashara moja ya mfano, inaanza na salio la 300 (namba zote ni maelfu). Wiki ya 1 inaingia 200 inatoka 150, unabaki na 350. Wiki ya 2 inaingia 180 inatoka 260, unabaki na 270. Wiki ya 3 kodi ya pango, mishahara na mzigo vinagongana, inaingia 150 inatoka 480, sasa salio ni hasi 60. Wiki ya 4 inaingia 500 inatoka 140, unarudi kwenye 300 yako. Ukijumlisha mwezi mzima zimeingia 1,030 na zimetoka 1,030, safi kabisa, na bado wiki ya 3 kuna mtu hajalipwa.

Kwa hiyo mstari wa kuangalia ni ule wa chini kabisa, salio la mwisho wa wiki. Upitie na kidole mpaka uone namba ndogo kuliko zote, hiyo ndo wiki yako mbaya.

Halafu uchokonoe. Ile 500 ya wiki ya 4, 400 yake ni ya mteja mmoja tu anayekopa, na we umeiandika kwa tarehe ya invoisi. Fungua rekodi za nyuma uone huwa analipa lini kweli. Kama kawaida yake anachelewa wiki mbili, isogeze mpaka wiki ya 6. Sasa wiki ya 4 inaisha na hasi 100, wiki ya 5 ikiingia 210 na kutoka 190 bado uko hasi 80. Pengo uliloona la wiki moja kumbe ni la wiki tatu, na shimo lenyewe ni 100, sio 60.

Ukishajua hivyo unaongea na anayekuuzia mzigo mapema, tuseme wiki ya 1 ukiwa bado una hela, akubali 100 ya mzigo uilipe baadaye. Ila angalia unaomba ipi: ukisema wiki ya 5 unarudi hasi 80 palepale, ukisema wiki ya 6 unavuka, wiki ya 3 unabaki na 40, ya 4 sifuri, ya 5 una 20. Sifuri sio raha, mauzo ya kaunta yakishuka kidogo tu umezama, so mi ningeomba ahirisho la 150.

Kila Jumatatu futa makadirio ya wiki iliyopita uweke salio halisi la benki na la droo, alafu ushuke tena na ule mstari wa chini.