Simu ya kwanza kwa mwenye biashara asiyekujua: uanze vipi

Ofisi yetu inafundisha vijana wa mauzo, na kitu kinachowaangusha sana ni ile nusu dakika ya kwanza ya simu, hata bei hawajafika kuitaja. Leo nataka tuongee juu ya hiyo tu.

Fikiria mama mwenye bekari ndogo pale Arua. Namba asiyoijua ikiita anapokea kwa sababu anadhani ni kastoma ana oda. Wewe unaanza "habari yako mama, za nyumbani, watoto wazima, za siku nyingi", yeye anajibu kwa heshima huku anajiuliza huyu ni nani, na ukija kusema unauza kitu anaona umemzungusha. Halafu kumbuka watu wametapeliwa sana kwa simu, wanaambiwa wameshinda zawadi, wanaombwa namba ya siri ya mobail mani, kwa hiyo mtu akikupokea kwa baridi usimlaumu, anachunga hela yake. Salamu lazima iwepo, hapa kwetu huwezi kumrukia mtu mzima na biashara, lakini iwe moja tu halafu jina lako lifuate hapo hapo.

Baada ya hapo kichwani mwake ana maswali matatu na yanakuja kwa mpangilio: huyu nani, namba yangu kaitoa wapi, anataka nini kwangu. Yajibu hivyo hivyo kabla hajauliza. Tuchukue kampuni ya Kampala inayochapisha mifuko ya mkate, kijana anapiga Arua:

"Shikamoo mama. Naitwa Musa, napiga kutoka Kampala, kampuni yetu inachapisha mifuko ya mkate, najua hujawahi kutusikia. Namba yako nimeitoa kwenye mfuko wa mkate wako, niliununua juzi dukani hapo mjini. Nimeona tarehe ya mwisho mmeibandika kwa stika, ndo maana nikapiga. Una dakika mbili, ama nimekukuta na wateja?"

Hiyo ukiisema polepole haizidi sekunde 30. Angalia ile "hujawahi kutusikia", vijana wengi wanaiogopa, wanataka kampuni ionekane kubwa, lakini ukiisema wewe mwenyewe mama anaacha kuhangaika kukumbuka mlikutana wapi. Na sababu ya kupiga imetoka kwenye mkate wake, siyo "tunasaidia biashara ndogo kukua", hiyo kila mtu anaisema na haimhusu yeye zaidi ya jirani yake. Ila usimkosoe, ukimwambia mfuko wake mbaya umeshamaliza simu. Taja ulichokiona tu.

Akikubali, usianze kumwaga bei. Muulize swali moja la kazi yake, kwa mfano "hizo stika mnabandika usiku huo huo mkate ukishapoa, ama asubuhi kabla bodaboda hajaja kuchukua?" Hapo anaongea yeye, atakwambia labda kuna binti anabandika mpaka usiku mkubwa, labda stika zinabanduka mkate ukiwa bado na joto, au atasema hana shida yoyote, na hilo nalo ni jibu, mshukuru umwachie kazi yake. Mwanzo mzuri unakupa nafasi ya kuongea, haumuuzii mtu kitu asichokihitaji.

Ukitaka kujua umekosea wapi sikiliza anavyokukatisha. Akisema "unataka nini?" ujue sababu umeichelewesha. Akisema "namba yangu umetoa wapi?" umeruka hapo kati. Akisema "nitumie meseji" mara nyingi sababu yako haikumgusa, hata ukituma hiyo meseji usitegemee jibu. Na akinyamaza tu, ana wasiwasi, mwambie wazi "mama leo sikuombi hela wala namba ya siri, na ofisi yetu iko mtaa fulani, kama una ndugu Kampala anaweza kupita kutuona", lakini iwe ni kweli ipo.

Saa nayo inahesabika. Mwenye bekari ukimpigia saa 12 asubuhi mkate ndo unatoka, afadhali saa 4 au 5 magari yakishaondoka. Akisema yuko bize usilazimishe, uliza "nipige leo saa 10 ama kesho asubuhi?", andika, na upige saa ile ile kwa namba ile ile, maana ukibadilisha namba unarudi kuwa mgeni.

Na akikwambia usinipigie tena, jibu "sawa mama, samahani kwa usumbufu", futa namba yake kwenye listi ya ofisi nzima, siyo simu yako peke yake, asije akapigiwa na mwenzako wiki ijayo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara, kwa hiyo hapo hamna cha kubishana.