Bima kubwa, eksesi, na ile laki tatu ya pembeni

Nimekaa miaka kadhaa kwenye dawati la madai ya bima za magari hapa Dar. Swali ninaloulizwa zaidi na vijana walionunua gari la kwanza ni hili: "Si nina bima kubwa, mbona natakiwa kutoa hela?"

Tuanze na bima ndogo, maana ndiyo wengi wanayo. Sheria inakulazimisha uwe nayo, na kwa gari binafsi bei yake ya chini imezoeleka kuwa 118,000 pamoja na VAT. Bima hii inamlipa mtu uliyemgonga na mali yake. Gari lako hailigusi. Ukigongwa usiku na aliyekugonga akatokomea, hupati hata taa.

Bima kubwa inalipia na gari lako, ila kwa masharti. Nitakupa mfano wa dada mmoja mwenye IST, tarakimu nimezizungusha kidogo ili hesabu isitusumbue. Gari lake sokoni lilikuwa la milioni 12. Alipokwenda kukata bima akaandika milioni 8. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 na VAT juu yake, alilipa 330,400. Angeandika thamani halisi angelipa 495,600. Kwa hiyo aliokoa 165,200, akaondoka anatabasamu.

Miezi mitano baadaye akagongwa ubavuni, na aliyemgonga akakimbia. Gereji ikakadiria matengenezo ya milioni 3. Yeye alihesabu hivi: nimekatia bima ya milioni 8, hasara ni milioni 3, basi nalipwa yote. Lakini mkataba wake ulikuwa na kipengele cha wastani. Ukikatia bima theluthi mbili ya thamani, kampuni inabeba theluthi mbili ya kila hasara, hata ikiwa ndogo. Theluthi iliyobaki umejikatia bima mwenyewe, bila kujua. Milioni 3 ikawa milioni 2.

Bado eksesi. Hiki ni kiasi ambacho mwenye gari anakubali kukibeba mwenyewe katika kila dai, na kwake kilikuwa asilimia 10. Ikatoka 200,000, akabaki na 1,800,000. Milioni moja na laki mbili aitafute mwenyewe. Angeandika milioni 12, angekatwa eksesi ya 300,000 tu na kulipwa 2,700,000. Ile 165,200 aliyookoa ilimgharimu 900,000.

Sasa angalia: hata aliyeandika thamani sahihi kabisa bado anadaiwa laki tatu. Hapo ndipo akiba ya dharura inapoingia. Watu husikia "mishahara ya miezi sita" wakakata tamaa mapema. Mimi humwambia kijana aanze na lengo dogo lenye jina: eksesi yake. Fungua mkataba, tafuta asilimia na kiwango cha chini, piga hesabu kwa hasara ya kawaida. Kama ni 300,000, basi 12,500 kwa wiki inafika baada ya wiki 24. Baada ya hapo ongeza nauli za mwezi mmoja, kwa sababu ripoti ya polisi, ukaguzi, idhini ya kampuni na gereji havimalizwi wiki moja, na wewe kazini utakwenda na daladala.

Pa kuiweka? Isikae kwenye laini ya simu unayolipia chipsi. Kikoba ni kizuri kwa mengine, ila hisa zako zinatoka siku ya mgao, na mkopo unasubiri kikao. Akaunti ya pili ya benki isiyo na kadi inatosha, na benki iihamishe yenyewe siku ya mshahara, kabla hujaiona. Kiasi kikikua, sehemu yake inaweza kwenda kwenye mfuko wa uwekezaji kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS. Ujue tu kwamba kutoa huko kunachukua siku za kazi, si dakika.

Kuna jambo jingine linalowaangusha vijana kuliko hata kipengele cha wastani. Gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi, halafu jioni linawashwa kwenye programu ya kubeba abiria. Ajali ikitokea ukiwa na abiria, kampuni inaweza kulikataa dai lote, na hapo laki tatu yako haifiki popote. Bima ya biashara ni ghali zaidi, nakubali. Lakini ile nafuu unayoilipia haikufuati kwenye safari hiyo.

Kabla hujafunga ukurasa huu, ingia tiramis.tira.go.tz, andika namba ya gari lako. Kama lililotokea si lile lililo kwenye risiti, au halitokei kabisa, mpigie aliyekuuzia leo. Nimeshaona watu wanajua stika yao haipo kwenye mfumo wakiwa tayari kituoni, bampa liko mkononi.